Baka la Baba

Picha nyingi alizoacha baba hazikufaa. Ile ya kitambulisho ilikuwa ndogo mno. Ilipokuzwa, uso ukawa vipande vipande. Kwenye harusi yangu alisimama nyuma ya kofia ya shangazi, na kofia ile ingeweza kuficha mlima. Zile za simu zilikuwa zimetumwa na kutumwa tena kwenye kundi la familia mpaka zimechuja. Ikabaki moja tu ya studio, karatasi ngumu: baba bado kijana, amevaa suti ya kuazima, mkunjo wa karatasi umepita begani na madoa ya ukungu yametapakaa usoni na ukutani nyuma yake. Hiyo ndiyo niliyoipeleka kwenye duka la uchapishaji iwe jalada la kijitabu cha kumbukumbu yake, siku moja kabla ya shughuli yenyewe.

Fundi wa pale tunamwita Taratibu, na jina halijamdhulumu. Aliipangusa picha vumbi kwa brashi laini, akaiweka kwenye skana, kisha akahifadhi nakala ya kwanza kando bila kuigusa.

"Nisafishe kiasi gani, dada?"

"Yote. Iwe kama mpya."

"Yote kabisa? Mengine huwa ni ya mtu mwenyewe."

"Fundi, kwani nimenong'ona?"

Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na hasira isiyokuwa na mwenyewe. Nilikuwa nimefika jana yake tu. Ndugu zangu walimuuguza, mimi nikaja na mizigo na maagizo. Basi kazi ya picha niliing'ang'ania, angalau nami nionekane nimefanya kitu.

Taratibu akaanza na mkunjo, akichukua rangi ya suti iliyo kando yake na kuziba kidogo kidogo. Akaja usoni. Mikunjo midogo ya macho aliiacha, akasema uso ukilainishwa sana unakuwa wa sanamu. Madoa yote akayaondoa. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikisema, "Hapo sawa, hapo sawa," huku najibu ujumbe kwenye simu. Akachapisha nakala moja ya kuangalia.

Baba mdogo akaingia na fimbo yake. Yeye na baba ni mapacha. Baba alimtangulia kuzaliwa kidogo tu, akautumia ukubwa huo maisha yake yote. Nikampa ile nakala. Akaisogeza mwangani, akaitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo kesho mnanikumbuka mimi?"

Nikacheka. "Baba mdogo, mlifanana mno, ndiyo maana."

"Tulifanana, ndiyo. Ila mwenzangu alikuwa na baka jeusi usoni, amezaliwa nalo. Hata mama yetu alikuwa analitafuta hilo kwanza ndipo atuite. Hapa halipo. Huyu ni mimi, mwanangu, na mimi bado nakula."

Taratibu akaweka mikono mapajani. "Nilidhani ni ukungu, mzee," akasema. Hakusema kwamba aliniuliza. Afadhali angesema.

"Ni mimi niliyemwambia aondoe yote," nikasema, na uso wote ukanichoma.

"Ya kwanza ipo, haijaharibika kitu," Taratibu akanituliza. Akaifungua, akairudia kazi upya, doa baada ya doa, safari hii akituonyesha kila moja kabla ya kulifuta. La kwenye paji la uso lilikuwa na utandu wa ukungu, likaondoka. La kidevuni likaondoka. Yakabaki mawili: moja chini ya jicho, jingine pembeni mwa mdomo, yote ya rangi moja, maana picha ilikuwa imefifia.

"Moja ni ukungu, moja ni yeye," Taratibu akasema. "Mashine haiwezi kuniambia. Dada, baka la mzee ni lipi?"

Baba mdogo akanigeukia. Aliniachia mimi, sijui kwa huruma au kwa adhabu.

Nikajaribu kumwona baba. Tuliongea kila wiki kwa simu ya video. Alikuwa hajui kuishika simu, nikawa naona paji la uso na dari. Sikuwahi kumwambia, "Baba, shusha kidogo nikuone." Nilikuwa nakimbilia kumaliza. Na kabla ya hapo, miaka yote niliyokula naye meza moja, nilikuwa natazama wapi? Niliona aibu, lakini kusema sijui mbele ya mdogo wake nikashindwa.

"Hili," nikasema, nikagusa kioo chini ya jicho.

Baba mdogo akainamia fimbo yake.

"Hilo ni doa, mwanangu," akasema polepole.

Taratibu akalifuta bila kunitazama, likabaki la pembeni mwa mdomo.