Warda Hajahama Bado

Warda Hemedy wa Mbwera alipata C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Fizikia. Aliomba udaktari vyuo vitatu. Awamu ya kwanza hakuchaguliwa. Akapanda boti, kisha pikipiki, hadi Kibiti kwa Mwalimu Theopista, aliyemfundisha kidato cha sita.

"Sifa za chini unazo," mwalimu alisema. "Tatizo, waliokuzidi ni wengi kuliko nafasi. Awamu ya pili omba shahada ya uuguzi. Ukifika chuoni, wiki za mwanzo wanaruhusu kuhama kozi, kama kule unakotaka pana nafasi na sifa unazo."

"Na kama hapana nafasi?"

"Basi utakuwa muuguzi. Kaombe kozi ambayo hutajuta kubaki nayo."

Warda alichaguliwa uuguzi. Baba yake, Mzee Hemedy, alikubali kwa sharti kwamba akifika atahamia udaktari.

Wiki ya pili chuoni, Warda alipeleka maombi yake. Ofisa udahili alitazama kompyuta, akasema udaktari umejaa, na kwenye foleni wapo wenye alama za juu zaidi. Warda akashukuru, akawahi kipindi cha anatomia.

Kila Ijumaa baba alipiga simu.

"Umehama?"

"Bado, baba."

Ikapita miaka miwili hivyo. Alipoanza mazoezi wodi ya wazazi, Warda alizalisha mtoto wa kwanza chini ya usimamizi wa mkunga. Alijifungia chooni akalia, akanawa uso, akarudi kazini. Tangu siku hiyo hakuwaza tena udaktari. Ila Ijumaa aliendelea kujibu vilevile.

Mwaka wa tatu alipangiwa mazoezi kituo cha afya Kibiti. Baba akaja kumwona, akamkuta na sare ya uuguzi.

"Bado unavaa hivi? Utahama lini?"

"Sikuhama, baba. Dirisha la kuhama lilifungwa wiki zile za mwanzo."

Mzee Hemedy akakaa kwenye benchi. "Na mimi kila Ijumaa nauliza."

"Uliuliza kama nimehama. Nilijibu bado. Nilikuficha, nisamehe."

Mama mmoja mjamzito akapita akimsalimia Warda kwa jina. Mzee akamfuata kwa macho.

"Na sasa?"

"Nitamaliza mwaka wa nne, halafu mwaka wa mazoezi ya kazi. Mungu akipenda, baadaye nisome shahada ya uzamili ya ukunga. Ndicho nikitakacho, baba. Siyo kwamba nimekosa kingine."

"Kule Mbwera nimeshasema daktari."

"Utasema mkunga."

"Mkunga mwenye shahada mbili," mzee alisema, akijaribu maneno hayo mdomoni. "Watauliza zote za nini."

Warda akamfunga kipimo cha presha mkononi. Ilikuwa juu. Akamwambia akae kwenye foleni ya daktari, naye Mzee Hemedy akaenda, akakaa nyuma ya watu wengine.