Kikombe cha Nne

Karatasi za hesabu za kununua dukani sizipendi, na nimelisema hilo kwenye vikao vya walimu mpaka wenzangu wanaanza kuguna kabla sijafungua mdomo. Nina mdomo, najua. Lakini hebu nieleze, mtoto wa miaka mitano anajifunza nini akikaa asubuhi nzima anafuatisha vidoti vya tarakimu? Mwaka jana mmoja aliniandikia mbili safi kabisa, shingo imepinda vizuri, mkia umenyooka. Nikamuuliza, hii ni nini? Akasema bata.

Basi siku nilipompeleka bata huyo kwa mwalimu mkuu, ambaye sisi humwita Rula akiwa hasikii kwa jinsi anavyotaka kila kitu kinyooke, alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Akasema sawa, tengeneza ya kwako. Akanipa majuma mawili. Ikiwa tayari, angeitumia yeye mwenyewe kuwapima watoto sita ambao hatukuwa na uhakika kama wako tayari kuingia darasa la kwanza. Atakayeshindwa atarudia chekechea. Mmoja wa hao sita alikuwa Kidoti.

Kidoti tulimwita hivyo kwa sababu ya alama ndogo nyeusi aliyo nayo chini ya jicho. Anaishi na baba yake, fundi cherehani, na bibi yake mzaa baba. Mama yake alikwenda kufanya kazi za nyumbani nchi ya mbali, mtoto akiwa hajatimiza miaka minne. Ni mtoto mtulivu, wa kujifungia vifungo vyake mwenyewe. Kuhesabu kwa mdomo alijua hadi ishirini bila kukosea. Ila ukimwekea vitu vya kona yetu ya mapishi, anazidisha. Vitatu anasema vinne, kila mara. Kwenye ripoti yake niliandika kwa mkono wangu kwamba kidole chake kinakimbia mbele ya vitu. Ni kosa la kawaida kwa umri ule, nimeliona mara mia, na wala sikujisumbua kuliangalia mara mbili.

Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa upuuzi. Nilichora meza, na juu ya meza nikachora miduara mitano ili mtoto aweke kitu kimoja ndani ya kila mduara. Watoto waliipenda sana. Waliijaza miduara yote, wakanikabidhi, wakakimbia kucheza. Hakuna aliyehesabu, kwa nini ahesabu wakati miduara imeshamhesabia? Niliichana nikiwa nimesimama palepale darasani, nikaanza upya.

Ya pili nilichora meza tupu. Pembeni ya karatasi kuna sinia la vitu halisi, visiwe vidogo vya kumezwa. Mtoto anaambiwa aweke vitatu mezani, na ni lazima ajue mwenyewe pa kukomea. Kisha anavihesabu huku akivigusa kimoja kimoja. Kisha swali lenyewe: vyote ni vingapi? Mtoto anayejua hujibu mara moja, asiyejua huanza tena moja, mbili, kwa sababu kwake kuhesabu ni wimbo tu. Halafu unavitawanya vitu vilevile, unauliza tena, uone kama anadhani vimeongezeka. Kadi yenye tarakimu inakuja mwisho kabisa, akishajua ni vingapi, naye anaichagua na kuiweka kando ya vitu vyake. Chini kuna nafasi ya kuchora alichokihesabu. Kwenye maelekezo ya mwalimu niliandika, tena nikapigia mstari: tumia vitu ambavyo mtoto anavishika nyumbani kila siku. Nikajaza sinia vikombe vya plastiki, vijiko na vibanio vya nguo, na chini ya meza nikapanga malapa.

Nikaijaribu kwa Kidoti. Vikombe vitatu, akasema vinne. Vijiko vitatu, vinne. Nilikata tamaa, nisidanganye. Nikamsogezea vifuniko vya chupa nilivyokuwa nimeviokota kwa ajili ya kazi nyingine, ili tu aondoke akiwa amefurahi. Akahesabu saba. Nikahesabu mimi. Vilikuwa saba. Nikamwekea vitano, akasema vitano. Nikavitawanya, akaniangalia kama vile nimechanganyikiwa, akasema bado ni vitano.

Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma. Mtoto yuleyule, kidole kilekile, vifuniko anavipata na vikombe anavikosa! Mume wangu alikuwa sebuleni anasubiri chai. Nikateremsha vikombe kutoka kabatini, nikamimina, nikabeba trei. Akaangalia trei, akaniangalia mimi, akasema kwa upole kwamba nimefanya tena. Vikombe vilikuwa vitatu. Binti yetu ameolewa mbali mwaka wa pili sasa, na mkono wangu bado unamtolea kikombe. Kwa kawaida hukirudisha kabatini nikinung'unika. Siku hiyo nilikaa nacho mapajani, nikalia, maana nilimkumbuka mwanangu vibaya sana, na maana nilikuwa nimeelewa.

Kesho yake nilimpangia Kidoti vikombe vitatu, na safari hii niliangalia kidole badala ya kusubiri jibu. Kilikuwa hakikimbii hata kidogo. Kiligusa cha kwanza, cha pili, cha tatu, kikasimama. Kisha kikagusa meza, mahali patupu, taratibu.

"Hicho cha nne kiko wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye rafu. Cha mama. Bibi hataki tukitumie."

Alisema bila huzuni yoyote, kama mtu anayemweleza mgeni choo kiko upande gani. Kwao vikombe ni vinne. Vijiko ni vinne. Nilimwekea vitu vya nyumbani ili nimrahisishie, naye akavihesabu kwa uaminifu kama vilivyo nyumbani. Ripoti yangu ilikuwa uongo mtupu.

Nilimwita baba yake. Alikuja na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. Nilimweleza yote. Akaniambia kitu ambacho sikukijua. Mara ya mwisho mkewe alipopiga simu, alizungumza na mtoto, akamwambia, ukiingia darasa la kwanza tu, mama anakuja. Tangu hapo namba yake haipatikani. Miezi saba. Baba aliulizia kwa kila mtu aliyekwenda naye kule, hakuna mwenye habari. Kidoti hajui. Kidoti anajua darasa la kwanza tu, kila asubuhi anauliza zimebaki siku ngapi.

"Mwalimu, asirudie mwaka," akasema. "Nitamwambia nini?"

Na akifaulu, utamwambia nini? Nililifikiria hilo, nikalimeza, na kwangu mimi kumeza neno si kazi ndogo. Akaomba nimfundishe mtoto aseme vitatu. Nikakataa, nikamwambia simfundishi mtu kukariri jibu, na kwamba karatasi inataka vinavyoonekana mezani tu. Nikamwahidi nitafanya jambo jepesi zaidi: siku ya kupimwa nitamwekea vifuniko.

Siku ilipofika, Rula alikaa mbele ya meza ndogo na kalamu yake na karatasi zangu sita. Watano wakapita, wanne vizuri. Wa mwisho alikuwa Kidoti. Nikaleta sinia la vifuniko. Rula akaliangalia, akauliza vikombe viko wapi. Nikasema vifuniko ni sawa tu, kuhesabu ni kuhesabu. Akafungua maelekezo, akanisomea sentensi yangu mwenyewe, ile niliyoipigia mstari. Akasema mtoto mmoja hawezi kupimwa kwa vitu tofauti na wenzake, na ukweli ni kwamba alikuwa sahihi, na ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo kwa sauti kubwa zaidi. Na kumweleza mambo ya mama wa watu mbele ya mtoto mwenyewe, hapana, sikuweza. Nikarudisha vikombe.

Kidoti akaambiwa aweke vitatu. Akaweka. Akaambiwa ahesabu. Moja, mbili, tatu. Kidole kikasimama. Kikasogea kidogo kuelekea mahali patupu, kikabaki hewani, nami nikashika ukingo wa dirisha. Kisha akakikunja, akaweka mkono mapajani.

"Vyote ni vingapi?" Rula akauliza.

"Vitatu."

Akavitawanya. Vitatu. Kadi? Akachagua yenye tatu kati ya kadi tano, akaiweka wima kabisa, Rula akatabasamu kwa jinsi ilivyonyooka. Akachora vikombe vitatu na vishikio vyake. Rula akaandika amefaulu, akanigeukia akasema karatasi ni nzuri, mwakani madarasa yote yatumie. Niliisubiri sentensi hiyo kwa miaka. Nikasema asante, lakini moyoni nilikuwa natamani mtoto yule angesema vinne.

Nilimtoa nje kwa mkono. Baba yake alikuwa anasubiri getini, hakuthubutu kuuliza, nikamwonyesha kwa kichwa kwamba ndiyo. Akafumba macho kidogo. Nikachuchumaa, nikamwekea sawa Kidoti kola yake ambayo haikuwa na kasoro yoyote, nikamwambia amehesabu vizuri sana.

"Cha mama nilikiacha," akaniambia kwa sauti ya chini, kama siri yetu sisi wawili. "Baba alisema nikikihesabu sitaingia darasa la kwanza. Na nisipoingia haji. Kwa hiyo nimemwacha leo tu."

Nikaiweka sawa tena kola ile. Mimi, mwenye mdomo wangu. Baba yake naye alikuwa ameangalia chini, anaizungusha futi kwenye vidole, anaifungua, anaizungusha tena.

Kidoti akamvuta shati. "Sasa mpigie, baba. Mwambie nimeingia."

Baba alinitazama mimi kwanza, kama vile mwalimu ndiye atakayejua la kufanya. Kisha akatoa simu mfukoni, akabonyeza namba tuliyojua sote wawili kwamba haiiti, akaiweka sikioni. Kidoti alinyanyua uso, akanyoosha mkono tayari kuipokea. Nami sikwenda popote, nilisimama palepale nikisubiri pamoja nao.