Moja Kati ya Kumi

Kila asubuhi, kabla akina mama wa soko la Voi hawajafika, huwa nafungua chumba baridi cha kuhifadhia mboga na matunda yao, nasoma kipimajoto, kisha napanda ngazi kufuta vumbi kwenye paneli za sola. Siku hiyo nilikuwa bado juu na kitambaa mkononi.

"Tryphena! Shuka, mwanangu. Mgeni amefika."

Alikuwa Mama Eddah, mwenye malori. Ndiye aliyenipa pesa wakati kampuni yangu ilikuwa sanduku moja tu la barafu, akachukua robo ya hisa. Kando yake alisimama Kitonga, wa mfuko wa uwekezaji wa Nairobi. Tulimtarajia wiki iliyofuata, naye alikuja na mkataba tayari.

Tuliketi juu ya kreti za nyanya. Mfuko ungeweka milioni thelathini, uchukue theluthi ya hisa. Nami nijenge vyumba arobaini kwa miaka miwili, mpaka Kisumu.

"Hiki kimoja kinalipa mishahara na faida inabaki," nilisema kwa sauti ndogo. "Arobaini si vingi?"

"Dada," Kitonga akajibu, "faida ndogo haitusaidii. Tukiingia kampuni kumi, sita ama saba zinakufa. Mbili zinarudisha tulichoweka. Moja lazima ikue sana, hisa zetu humo zifidie hasara yote na zaidi. Kwa hivyo kila tunayoingia, lazima iweze kuwa hiyo moja."

"Na tukianguka?"

"Pesa zetu zimepotea. Hatutakudai kitu, si mkopo."

Mlangoni mkulima mmoja, Ndila, alikuwa akishusha nyanya zake kutoka Taveta. Kabla ya chumba hiki, nusu zilikuwa zinamwozea. Yeye hakuwa na hisa yoyote.

Mama Eddah alicheka. "Mimi mwenyewe nilimwambia mzee wangu, nimenunua ndama angali tumboni. Akifa, nitalia siku moja, basi."

"Na sasa ndama amekua," Kitonga akasema. "Ukitaka, tutanunua baadhi ya hisa zako pia, mara nane ya bei uliyotoa. Lakini Tryphena asaini kwanza."

Mama Eddah aliacha kucheka. Malori yake mawili yalikuwa juu ya mawe tangu Januari, bila tairi. Hakuniangalia. Alilaza kalamu juu ya mkataba, polepole, akaisukuma kwangu.

Miezi mitatu Kitonga alipokuwa akitueleza mpango huu kwenye simu, nilikuwa nimenyamaza, nao wakadhani nimekubali. Niliisukuma kalamu pembeni.

"Mama," nikasema, na Ndila akageuka, maana sikuwa nimewahi kupaza sauti pale. "Sitaki. Nataka chumba cha pili Taveta, kisha cha tatu, nikugawie faida kila mwaka. Najua ni kidogo, na najua malori yako yamelala. Lakini sitaki tuwe moja ya zile saba."