Gwaride la Chemchemi

Wimbo wangu wa kupanda miti kuzunguka chemchemi ya mlimani, isije ikakauka, ulikwenda kwa mwendo wa gwaride: "Kushoto chimba, kulia panda!" Ngoma ikakolea, watu wakapanda mbiombio.

Shangazi, mwenye kitalu cha miche, akang'oa mche mmoja tuliokwisha kuupanda. Mfuko wa nailoni ulikuwa bado umebana mizizi.

"Mwanangu, wimbo mtamu, lakini unaua miche. Haraka haraka haina baraka."

Nilinuna. Nani hukata gwaride katikati? Lakini niliinyamazisha ngoma kwa mapigo manne baada ya "chimba".

Tukaanza upya. Ngoma ikanyamaza, mlima mzima ukasikika ukichana mifuko: chwaa! Ndicho kibwagizo kitamu kuliko vyote, na sikukitunga mimi.