Ukungu wa Juni na Onyo la Gaudensi

Juni hiyo ukungu ulishuka Sumbawanga kila alfajiri, ukakaa kama mgeni asiye na haraka. Avelina, meneja wa ghala la mahindi, alifika kazini akakuta malori yamelala getini, taa zake zikififia ndani ya weupe. Ilitokea mara tatu, kwa sababu Gaudensi, mpima unyevu wa mahindi na mwenye funguo, hakuwa amefika.

Alhamisi Avelina alimwita ofisini, wakakaa wawili. Akampa onyo la mdomo.

"Una la kusema, kaka Gaudensi?"

Gaudensi alitazama dirisha jeupe. "Mama..." alianza. Nje lori likawashwa, maneno mengine yakazama.

Mchana Avelina akaandika:

"Ndugu Gaudensi,

Barua pepe hii inathibitisha onyo la mdomo nililokupa leo, tarehe 12 Juni. Zamu yako huanza saa 1:30 asubuhi. Tarehe 3 Juni ulifika saa 2:40, tarehe 5 saa 2:15, na tarehe 11 saa 3:05, bila kupiga simu. Hukutoa sababu. Ninatarajia ufike kwa wakati, na ukipata dharura unipigie kabla ya zamu. Tutapitia mwenendo wako Jumatatu, 14 Julai. Pasipo mabadiliko, onyo la maandishi linaweza kufuata. Kama kuna lisilo sahihi humu, nijibu kwa maandishi. Nakala imewekwa kwenye faili lako."

Jibu lilifika Ijumaa.

"Saa ni sahihi. Kutopiga simu ni kosa langu. Ila sababu niliitoa, labda kwa sauti ndogo. Mama yangu amepoteza kumbukumbu. Ukungu ukishuka anatoka kutafuta shamba la ulezi alilolima akiwa msichana. Shamba halipo tena. Mimi hufuata nyayo zake kwenye umande."

Avelina alisoma mara mbili, akamfuata kwenye mizani.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Niliona aibu, dada. Ni kama kumtoa mama nje, watu wamwangalie."

Jioni Avelina alituma barua iliyosahihishwa. Tarehe zilibaki, onyo lilibaki. Maneno "hukutoa sababu" yaliondoka, yakaingia maelezo mafupi ambayo Gaudensi mwenyewe aliyakubali. Hadi siku ya mapitio angeanza saa tatu. Geti lingefunguliwa na Kalisti, mlinzi wa mchana.

Siku zikapita polepole. Asubuhi moja tu simu ililia kabla ya saa tatu. "Nipo bondeni, dada. Nimemsikia, sijamwona." Avelina hakukata. Alisikia majani yakisuguana, pumzi za Gaudensi, kisha, mbali sana, mwanamke mzee akiimba Kifipa kwa furaha, kana kwamba mavuno yamekuwa mengi.

Tarehe 14 Julai walikaa tena. Avelina aliandika kwamba matarajio yametimizwa, suala limefungwa, na zamu ya saa tatu iendelee.

"Naomba nakala ya karatasi," Gaudensi alisema.

"Ya nini?"

"Nikamsomee mama. Siku hizi anapenda kusomewa chochote."

Avelina akawasha printa.