Mtego wa Pembe ya Mashine

Chuoni Butembo, Profesa Valère alipenda kuwatega wanafunzi wa jiolojia. Kanyere akishindwa mtihani huu wa mdomo, atarudia mwaka.

"Jiwe la kwarizi. Mashine ya eksrei imesoma pembe 26,6. Urefu wa wimbi ni nanomita 0,154. Tabaka za atomu zimeachana kiasi gani?"

Kanyere hakukimbilia kalkuleta. "Prof, mashine inapima vile mwali umepinda. Ile ni mara mbili ya pembe ya tabaka. Donc minakata nusu, 13,3."

Akaandika: mwali wa tabaka ya chini unatembea zaidi kwa 2d sin 13,3, d ikiwa umbali kati ya tabaka, na ziada hiyo lazima iwe wimbi moja zima ili miali iongezane nguvu. 0,154 gawanya kwa 0,46, yaani mara mbili ya sin 13,3, jibu nanomita 0,335.

"Nani alikuambia juu ya mtego wangu?"

"Hapana mutu, Prof. Mulianza kucheka mbele ya kumaliza swali."

Valère akampitisha, kisha akamwita anayefuata, midomo ameibana asicheke.