Kadi ya Saba

Fundi wa kuchomelea alikuwa na maneno mengi, lakini mashine aliyoiunda ilistahili kusemewa. Mama mkwe wake alipopooza upande mmoja, mkewe ndiye aliyekuwa akimbeba kutoka kitandani hadi kitini, asubuhi na jioni, mpaka mgongo ukagoma. Fundi angemsaidia, lakini mama mkwe alishatoa kauli: kubebwa mikononi na mkwewe kama kitoto kichanga, bora wamwache alale hukohuko. Basi Fundi akajifungia karakanani. Akakata mabomba, akachomelea, akafunga magurudumu manne, winchi ya kunyanyulia na kamba ya chuma, akashona mbeleko ya turubai laini. Miezi minne baadaye mama mkwe alikuwa akining'inia hewani kama malkia, akitoa amri.

Hospitali moja ikasikia habari hizo, ikaomba video ya dakika moja na nusu. Fundi akawatumia ya dakika kumi na mbili. Jibu lilikuja na mistari miwili: "Tumetazama dakika tatu za mwanzo. Tafadhali tuonyesheni jinsi mashine inavyotumika."

"Hawa watu hawana macho?" Fundi akafoka.

"Macho wanayo, baba watoto," mkewe akasema. "Wewe umewapa kazi ya masikio tu."

Ndiye aliyemleta Mama Kadi. Mama huyu alikuwa amechora picha za vitabu vya shule kwa miaka mingi, na sasa kazi yake ilikuwa kupanga video za bidhaa kwenye karatasi kabla kamera haijawashwa. Alifika saa tisa alasiri na bahasha ya kadi tupu, penseli mbili na kifutio. Akaifuta meza ya vyuma kwa upindo wa gauni lake kabla mtu hajamletea kitambaa, akakaa.

"Kila kadi ni picha moja," akasema. "Ndani ya picha, kitendo kimoja. Chini yake, sentensi moja ya kusemwa. Kikiingia kitendo cha pili, tunafungua kadi nyingine."

"Mama, mashine yangu haiwezi kuelezwa kwa sentensi moja moja."

"Sijakuomba uieleze, kaka. Nimekuomba uifanye. Na ufanye kimya."

Kimya! Fundi alihisi kama amefungwa mdomo kwa koleo. Lakini mkewe akalala kwenye benchi kujifanya mgonjwa, naye akaanza. Mama Kadi akachora. Kadi ya kwanza ilionyesha chumba kizima, kitanda upande wa kushoto na kiti upande wa kulia, ili mtazamaji ajue safari inaelekea wapi. Na katika kadi zote zilizofuata hakukihamisha kiti upande wake. Ya pili, mgonjwa anageuzwa ubavu. Ya tatu, mbeleko inaingizwa mgongoni. Kila sentensi aliisoma kwa sauti huku akipima kwa saa ya simu, halafu akapima na kitendo chenyewe.

"Sentensi sekunde saba, mkono sekunde nne," akasema. "Mdomo umeushinda mkono. Punguza."

Fundi alikuwa amempa "mbeleko hii imetengenezwa kwa turubai madhubuti lisiloumiza ngozi ya mgonjwa." Mama Kadi akabakiza "turubai hili haliumizi ngozi." Fundi akaangalia karatasi kama mtu aliyenyolewa ghafla. Kisha akaisoma tena, polepole, akaona kwamba hakuna kilichopotea. Moyoni akaanza kumvulia kofia mama huyu, ingawa usoni hakukubali bado.

Wakafika kadi ya sita: mkono wa kulia unazungusha mpini wa winchi, mgonjwa anapanda. Ya saba: mikono miwili inasukuma mashine kuelekea kitini. Mama Kadi akaweka kadi hizo mbili bega kwa bega. Penseli ikasimama.

"Kaka, huu mkono wa kulia," akaigusa ya sita, "ulikuwa umeshika mpini. Hapa unasukuma. Mpini umeachiwa nani?"

"Haujaachwa. Naubana na nyonga."

"Kwa hiyo ni vitendo viwili. Usipoubana?"

Fundi akautazama mpini. Usipoubana, winchi inarudi nyuma na mgonjwa anashuka kwa kishindo. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Nyonga yake ilikuwa ikifanya kazi hiyo bila kumwomba ruhusa, naye alishasahau kwamba ni kazi.

"Tunaweza kupiga picha kwa karibu," akasema. "Mikono tu ionekane. Nyonga tuiache nje."

Mama Kadi hakugombana naye. Alichukua kadi tupu, akachora nyonga imebana mpini, akamsukumia pamoja na penseli. "Niandikie sentensi yake. Ile atakayoisema muuguzi."

Fundi akaishika penseli. Akaandika "bana mpini", akafuta. Akaandika "hakikisha hautelezi", akafuta. Hapo mkewe akainuka kutoka kwenye benchi, akavuta kidogo upande wa sketi. Juu ya nyonga palikuwa na alama nyeusi, pana kama kiganja.

"Mimi mfupi," akasema. "Mpini unanifika hapa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Ulikuwa na furaha sana, sikutaka kukukatisha."

Fundi aliweka penseli chini.

Siku tisa alifanya kazi karakanani. Aliitoa winchi na kamba, akaweka skrubu ndefu ya namna ya jeki ya gari, ile ambayo ukiuachia mpini mzigo unabaki palepale ulipo. Akaning'iniza magunia ya mchanga yenye uzito wa watu wawili, akayaacha kutwa nzima. Hayakushuka hata unene wa ukucha.

Mama Kadi akarudi, akapima upya. Skrubu ilipanda polepole, karibu dakika nzima, na video haikuwa na dakika hiyo. Hakubabaika. Kadi moja ikaonyesha mkono unaanza kuzungusha. Inayofuata, mwili umeshaachana na godoro. Ya saba akaigawa mara mbili: kwanza mkono unauachia mpini, na sentensi yake "ukiachia, haishuki", kisha mikono inasukuma. Fundi aliisoma ile ya kuachia, akageuka kutazama dirishani, akapenga kamasi kwa nguvu.

Siku ya kupiga picha, mkewe ndiye aliyeiendesha mashine, na mgonjwa alikuwa mama mkwe mwenyewe, kavaa kilemba kipya. Kadi ya mwisho ilisema anawekwa kitini, na yeye atamke: "Mtu mmoja ametosha." Alipokalishwa, akamtazama binti yake kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mwanangu hajachoka," akasema, kwa ulimi wake mzito.

Mpiga picha akataka kurudia. Mama Kadi akamzuia kwa mkono, akaifuta sentensi yake mwenyewe kwenye kadi, akaandika ile ya mama mkwe.

Wiki ya tatu baada ya kutuma video hiyo, Fundi aliitwa apeleke mashine kwenye ile hospitali. Njia nzima alijiandaa kueleza. Alipofika wodini, muuguzi mmoja kijana aliyeitazama video mara mbili tu kwenye simu akaipokea mashine mlangoni. Akageuza mgonjwa ubavu, akaingiza mbeleko, akazungusha, akauachia mpini bila hofu, akasukuma. Fundi alisimama kando, mikono nyuma, akitazama kadi zikipita mbele yake moja baada ya nyingine katika mikono ya mtu asiyemjua.

"Una swali lolote, binti?" akauliza mwishoni.

"Hapana, baba," muuguzi akajibu, tayari akielekea kitanda cha pili. "Naomba tu unipishe hapo."

Fundi akampisha.